Mjomba, Yanga alishinda 2-0, mbona mkeka wangu wa dabi haukulipwa?

*Shikamoo mjomba. Naomba unisaidie maana nimeshagombana na watu. Machi 8 mwaka huu 2025 niliweka mkeka dukani kwa wakala hapa Mbagala, dau elfu kumi, mechi nne, Liverpool, Brighton, Yanga na Barcelona, wote washinde. Odi 1.15, 1.95, 2.20 na 1.20, mkeka unasoma 62,162 pamoja na bonasi. Liverpool akapiga, Brighton akapiga, dabi ikaahirishwa na Barca naye akaahirishwa siku hiyohiyo. Mkeka ukakaa unasubiri kama siku mbili hivi halafu nikapewa elfu ishirini na kitu. Barca akaja kushinda 3-0, Juni 25 Yanga akampiga Simba 2-0, nikarudi dukani na tiketi yangu, yule dada akaniambia hiyo iliisha toka Machi. Nilimtukana mjomba, sikufichi. Mechi si ileile? Na hata isingechezwa, Simba ndo waligoma kuja, si ushindi wa mezani huo?*

*Halafu Julai 7 nikabeti tenisi kwenye simu, kampuni ileile, Sinner amfunge Dimitrov. Dimitrov akaumia akatoka, Sinner akapita, wakanirudishia hela. Shemeji yangu kampuni nyingine kaweka hivyohivyo kalipwa. Nilikuwa na beti nyingine ya gemu ova 28.5, odi 1.45, dau elfu tano, nayo wamerudisha, hiyo sina shida nayo kwa sababu zilichezwa gemu 25 tu. Hawa si wezi? Nataka niwashtaki, nianzie wapi?*

*Mpwa wako, Mbagala*

Marahaba mpwa wangu. Nikujibu moja kwa moja kabla hatujaingia ndani: ya dabi na Barca huna unachodai, ya Sinner nayo naona huna, lakini ile ya gemu ova 28.5 unayosema huna shida nayo, hiyo ndiyo huenda wana hela yako. Ngoja tuende taratibu maana ukienda kuwashtaki kwa hizo mbili za kwanza watakurudisha nyumbani na hiyo ya tatu itapotelea humohumo.

Tuanze na dabi. Ulipolipa elfu kumi Machi 8 hukununua "Yanga amfunge Simba siku yoyote watakayokutana". Ulinunua Yanga amfunge Simba kwenye mechi iliyopangwa siku ile, na kwenye kanuni za kila kampuni kuna sehemu inasema mechi ikiahirishwa watasubiri muda gani. Muda huo haufanani, zipo zinazosubiri saa 24, zipo saa 48, zipo zinazosema mpaka mwisho wa siku inayofuata. Mechi ikichezwa ndani ya muda huo beti inaendelea kama kawaida, muda ukipita haijachezwa beti inafutwa na dau la mechi hiyo linarudi. Wewe umesema mkeka ulikaa unasubiri kama siku mbili, basi inaelekea wako wanatumia saa 48. Zile siku mbili mkeka haukuwa umekwama wala hakuna mtu aliyekuwa anauchezea, saa zilikuwa zinahesabika tu, zilipoisha mashine ikafuta mechi mbili ikalipa kilichobaki. Kuanzia hapo tiketi yako ilikuwa imekwisha, kilichotokea Juni hakiihusu tena.

Najua unauliza kwa nini wasisubiri tu, mechi si ileile. Mpwa, mechi haikuwa ileile na hapa nataka unielewe vizuri kwa sababu ndiyo sababu yenyewe ya kanuni. Odi 2.20 ya Yanga ilipangwa kwa mambo yalivyokuwa wiki ile ya Machi, nani mzima, nani kaumia, ligi imefika wapi. Juni 25 ilikuwa mechi ya mwisho wa msimu, Yanga wana pointi 79 na Simba 78, yaani Yanga sare ilikuwa inamtosha kuchukua ubingwa na Simba lazima ashinde, na waamuzi wameletwa kutoka Misri. Hiyo ni mechi nyingine kabisa hata kama jezi ni zilezile. Ukitaka kubeti mechi ya Juni unabeti kwa odi za Juni.

Barca ndio mfano wazi zaidi. Mechi yao na Osasuna ile Machi 8 iliahirishwa zikiwa zimebaki dakika chache ianze kwa sababu daktari wa timu, Carles Miñarro, alifariki. Ikaja kuchezwa Machi 27, siku mbili tu baada ya mechi za timu za taifa, na Raphinha ambaye alikuwa ametoka kuichezea Brazil dhidi ya Argentina hakuwepo kwenye kikosi. Barca alishinda 3-0 hata hivyo, lakini aliyepanga odi ya 1.20 Machi 8 hakuipanga kwa Barca bila Raphinha.

Na fikiria yule aliyeweka Simba siku ile. Kanuni inayokukera wewe ndiyo iliyomrudishia yeye hela yake, asingekubali hata siku moja hela yake ikae imefungwa miezi mitatu na nusu halafu aambiwe umepoteza kwenye mechi ya Juni. Kanuni lazima iwe moja kwa wote wawili na lazima iwepo kabla ya mechi, haiwezi kusubiri kuona nani kashinda.

Sasa hesabu yako, maana naona watu wengi wanadhani wamepunjwa kwa sababu hawajui mkeka unapigwaje mechi ikifutwa. Mechi iliyofutwa haiuchani mkeka, inageuka odi 1.00. Kwa hiyo mkeka wako mwanzoni ulikuwa 1.15 mara 1.95 mara 2.20 mara 1.20, ambayo ni kama 5.92, ukizidisha na elfu kumi unapata 59,202, wakaongeza na bonasi ya mechi nne ndo ikasoma 62,162. Baada ya Yanga na Barca kufutwa inakuwa 1.15 mara 1.95 mara 1.00 mara 1.00, unapata 2.2425, yaani 22,425. Hapo inatolewa kodi ya ushindi, unabaki na elfu ishirini na kitu uliyopewa. Chukua tiketi yako angalia mstari wa kodi, ukijumlisha ulichopewa na kodi iliyokatwa ikaja 22,425 basi mashine imepiga sawasawa.

Na bonasi? Imeondoka kihalali, japo hii inaniuma kidogo kwa niaba yenu. Bonasi ya mkeka inahesabu mechi zilizobaki hai na siyo ulizoweka, wewe ulibaki na mbili na bonasi uliyoandikiwa ilikuwa ya mechi nne. Kampuni nyingi zina sharti hilo, na baadhi zinaongeza kwamba kila mechi iwe na odi ya chini fulani ndo ihesabiwe. Naona ingekuwa haki kabisa waandike hivyo palepale kwenye tiketi karibu na hilo neno bonasi, kwa sababu mtu anaona 62,162 kwa macho yake na hakuna anayemwambia hiyo namba inaweza kushuka bila yeye kukosea chochote. Lakini kutokuandika kwenye tiketi siyo wizi kama kwenye kanuni ipo.

Ushindi wa mezani sasa. Usiku wa kuamkia dabi Simba walisema wamezuiwa kufanya mazoezi ya mwisho uwanja wa Mkapa, wakatangaza hawachezi, Bodi ya Ligi ikaahirisha mechi, Yanga wakaenda uwanjani hivyohivyo wakidai pointi zao. Wewe unasema Simba wamegoma kwa hiyo Yanga kashinda. Kwanza Bodi ya Ligi yenyewe haikutoa ushindi wa mezani, iliahirisha. Lakini twende na wazo lako, tuseme wangempa Yanga pointi tatu na mabao matatu. Bado beti yako isingelipwa, ingefutwa vilevile, kwa sababu kampuni zinalipa matokeo ya uwanjani yanayopatikana mpira ukichezwa na kipenga cha mwisho kikapulizwa. Ushindi unaotolewa na kamati siyo matokeo kwao. Mechi isiyochezwa haina mshindi wa kulipwa.

Na wana sababu nzuri tu. Oktoba 4 mwaka 2020 Napoli hawakufika Turin kucheza na Juventus, mamlaka ya afya ya kwao iliwazuia kusafiri kwa ajili ya korona. Wakapigwa 3-0 ya mezani na kukatwa pointi moja. Desemba rufaa ya Napoli ikakubaliwa, ile 3-0 ikafutwa, na mechi ikaja kuchezwa Aprili 7 mwaka 2021 Juventus akashinda 2-1. Sasa jiulize kampuni ingelipa lini na nani? Ingelipa waliobeti Juventus Oktoba, ikanyang'anya hela Desemba, ikalipa tena Aprili? Watu wameshatumia. Ndiyo maana wanafunga hesabu kwa kilichotokea uwanjani siku ile, kama hakuna kilichotokea wanarudisha.

Hiyo kanuni inafanya kazi upande wa pili pia na huko inawasaidia wabetiji. Msimu huohuo wa Italia, Septemba 19 mwaka 2020, Verona na Roma walitoka 0-0, baadaye ikagundulika Roma walimchezesha Diawara ambaye hakuwa kwenye orodha yao sahihi ya wachezaji, Verona akapewa 3-0. Aliyeweka sare alishalipwa sare yake na hakuna aliyemfuata kumdai. Aliyeweka Verona hakupata kitu japo kwenye msimamo wa ligi inasomeka Verona kashinda. Ukiona msimamo wa ligi unasema hivi na tiketi yako inasema vile, kabla hujapiga simu tafuta kwanza mpira ulipoisha uwanjani ilikuwa ngapi ngapi.

Haya tuje kwenye tenisi, huku ndiko kampuni zinapotofautiana kabisa na ndiko wewe na shemeji yako mmepishana.

Julai 7 pale Wimbledon Dimitrov alikuwa anamuongoza Sinner seti mbili kwa sifuri, 6-3 na 7-5, seti ya tatu wako 2-2, akaumia msuli wa kifuani baada ya kupiga sevu akashindwa kuendelea. Sinner akapita. Kwenye ratiba ya mashindano Sinner ndiye mshindi, hakuna ubishi. Kwenye kubeti inategemea kampuni yako inafuata ipi kati ya kanuni hizi. Kuna kampuni zinasema ikishakamilika seti moja beti ya mshindi inahesabika, anayesonga mbele ndiye kashinda, hiyo ndiyo ya shemeji yako. Kuna zinazosema lazima mechi ichezwe mpaka mwisho, mchezaji akitoka katikati beti ya mshindi inafutwa kwa kila mtu, hiyo ndiyo yako. Na zipo zinazosema ikishapigwa pointi ya kwanza basi beti imeshika. Zote ni halali, imeandikwa kwenye kanuni za tenisi za kila kampuni na ndicho kitu cha kwanza cha kusoma kabla ya kuweka hela kwenye tenisi.

Usiharakishe kuhamia kwa shemeji lakini. Geuza tu upande: aliyeweka Dimitrov kwenye kampuni ya shemeji yako alipoteza dau lake lote, na mchezaji wake alikuwa anaongoza seti mbili kwa sifuri. Kwako alirudishiwa. Mimi kwa mawazo yangu kanuni ya mechi mpaka mwisho ni ya haki zaidi kwa mtu wa kawaida, kwa sababu hela inakwenda kwa aliyeshinda kwa mpira na siyo kwa aliyebaki amesimama, lakini najua wapo wanaopenda ile ya seti moja na siwalaumu. Kwa Dimitrov hasa ilikuwa ni jambo la kuangalia mapema, maana hiyo ilikuwa mara ya tano mfululizo anatoka katikati ya mechi kwenye mashindano makubwa manne. Mtu akiwa na historia hiyo kanuni ya kutoka katikati inakuwa na uzito kuliko hata odi.

Ikiwa mchezaji hajaingia kabisa uwanjani hapo hakuna tofauti, beti ya mechi inafutwa kila mahali. Nadal mwaka 2022 alijitoa Wimbledon siku moja kabla ya nusu fainali na Kyrgios, kaumia misuli ya tumbo, Kyrgios akaenda fainali bila kucheza, beti zote za mechi hiyo zikarudi. Ila walioweka Nadal achukue kombe lenyewe walipoteza, kwa sababu alikuwa ameshaanza kucheza mashindano. Usichanganye hizo mbili. Na kwenye mpira ukiweka mchezaji fulani afunge, kama hakuingia hata dakika moja unarudishiwa, akiingia dakika ya 88 asifunge umepoteza, hata kama hakugusa mpira.

Sasa gemu zako ova 28.5.

Umesema zilichezwa 25 na ni kweli, 6-3 ni gemu 9, 7-5 ni gemu 12, hiyo 21, ongeza 2-2 unapata 25. Lakini swali siyo zilichezwa ngapi. Swali ni kama mechi ingeendelea, je ingeweza kuisha chini ya gemu 29? Hesabu na mimi. Wanaume Wimbledon wanacheza mpaka mtu apate seti tatu. Njia fupi kuliko zote ya hiyo mechi kuisha ilikuwa Dimitrov ashinde gemu nne mfululizo, seti ya tatu iishe 6-2. Hiyo seti ingekuwa na gemu 8, ukijumlisha na zile 21 unapata 29. Hakuna njia nyingine fupi kuliko hiyo. Sinner akishinda hiyo seti ndo kwanza inakwenda ya nne na gemu zinaongezeka. Kwa hiyo dakika ile Dimitrov anakaa chini, ova 28.5 ilikuwa imeshajiamua yenyewe, hata ingechezwaje isingeweza kukosa.

Ungekuwa na ova 29.5 ningekwambia wamefanya sawa kurudisha, kwa sababu 6-2 ingeleta 29 na ungepoteza, maana yake ilikuwa bado haijajiamua. Nusu hapa na nusu pale ndiyo inayotenganisha.

Sasa je wanatakiwa wakulipe? Hapo ndo unafungua kanuni zao, sehemu ya tenisi, kwenye jumla ya gemu mchezaji akitoka, na usome sentensi yenyewe kwa makini. Kuna kampuni zimeandika kwamba beti ambayo matokeo yake hayawezi kubadilika kwa namna yoyote mechi ingemalizika italipwa, na nyingi za hizo zinaweka mfano kabisa wa namba kama huu wako. Ukikuta maneno ya namna hiyo, unadai na una haki. Kuna nyingine zimeandika kwamba gemu zinahesabika zilizochezwa tu na beti ambayo haijafika inafutwa, ukikuta hivyo basi 25 haijafika 28.5 na jambo limeisha, walirudisha kihalali. Kanuni za kampuni yako sijaziona, ndiyo maana nimesema huenda.

Ukikuta ni ile ya kwanza fanya hivi. Fungua historia ya beti zako kwenye simu, tafuta hiyo beti ya Julai 7, piga skrinshoti inayoonyesha namba ya beti, saa uliyoweka, odi, dau na hilo neno la kufutwa. Piga skrinshoti nyingine ya hiyo sentensi ya kanuni, na fanya leo kabla hawajaibadilisha, maana kinachokuhusu ni kanuni iliyokuwepo siku unaweka. Halafu waandikie huduma kwa wateja kwa maandishi, usipige simu tu, simu haiachi ushahidi mkononi mwako. Unaweza kuandika hivi:

"Naomba beti namba [weka namba] ya tarehe 7 Julai 2025 iangaliwe upya. Mechi Sinner na Dimitrov iliisha kwa Dimitrov kujitoa, matokeo 6-3, 7-5, 2-2. Gemu chache kabisa ambazo mechi ingeweza kuwa nazo ikiisha kawaida ni 29, kwa hiyo Over 28.5 ilikuwa imeshaamuliwa. Kanuni yenu ya tenisi [nakili sentensi] inasema beti ya aina hii inalipwa. Mlinirudishia 5,000, naomba tofauti."

Tofauti yenyewe ni ndogo, usije ukashangaa. Elfu tano mara 1.45 ni 7,250, elfu tano walisharudisha, unadai 2,250 kabla ya kodi. Usiongeze humo habari za dabi wala za bonasi wala neno wezi, anayesoma malalamiko akikuta mambo manne atajibu lile rahisi la kukukatalia na kukufungia faili. Na usikae sana, kampuni nyingi zinaweka muda wa mwisho wa kulalamika kwenye kanuni zao, angalia wako wameweka siku ngapi.

Wakikukatalia waombe wakuandikie ni kanuni ipi wametumia. Jibu hilo pamoja na skrinshoti zako unapeleka Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania, wao ndio waliowapa leseni na wao ndio wanaopokea malalamiko ya wachezaji. Wakili wa nini kwa 2,250, usitoe hela mfukoni kumlipa mtu kwa jambo hili.

Kabla ya hayo yote pita pale dukani umuombe radhi yule dada. Mechi iliyofutwa haifuti yeye, inafutwa kwenye mtambo wa kampuni na yeye anaona matokeo yaleyale unayoyaona wewe, hana kitufe cha kukulipa mechi ya Juni kwa tiketi ya Machi. Na alikwambia ukweli, tiketi ile iliisha Machi.